Barua ya Kuomba Mwakani

Wenzangu, mlioamka na nguvu na mliofika hapa kwa kujikokota, nyote nawaamkua. Waislamu wenzangu, assalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe sana. Wakubwa wangu, shikamooni. Nimeambiwa niseme nusu saa. Nikizidisha, nivuteni shati.

Wengi hapa Likoni mnanijua. Wengine mnanijua kwa mabaya, na mna haki. Nilitumia unga wa kulevya miaka kumi na moja. Nilipoacha nilipitia dawa ya kliniki, nikawa naenda kuinywa kila asubuhi, nikapunguziwa kidogo kidogo mpaka nikamaliza. Hayo mmeyasikia kwa wengi, sitayarudia. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kurudi kule nilikotoka, na kilichonizuia kilikuwa barua pepe ya mistari tisa. Msicheke. Nawaambia kweli.

Nilipomaliza dawa, mwalimu wetu wa mbio, na jina lake silitaji, mwenyewe hapendi, aliniambia, "Wewe mwili wako umezoea kupewa kitu kila asubuhi. Sasa tuupe barabara." Tukaanza, watu saba wa kikundi hiki cha tulioacha unga, kukimbia alfajiri barabara ya Ukunda kabla ya malori hayajawa mengi. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka nguzo ya stima hadi nguzo ya pili, nikatapika. Baada ya miezi mitano nilikuwa naenda kilomita kumi na mbili na kurudi nyumbani nikiomba chai. Mamangu alikuwa akinitazama nikila, anaongeza chapati.

Basi kukatokea mbio za mjini, na ndani yake nusu marathoni, kilomita ishirini na moja. Kikundi kikanilipia ada ya kujiandikisha. Mwalimu alinijazia fomu kwenye simu yake, mimi nimekaa kando nasema tu jina na namba ya kitambulisho. Mwisho pakatokea maandishi marefu ya masharti na kisanduku cha kukubali. Akaniuliza, "Unakubali?" Nikasema, "Nakubali." Wallahi sikusoma hata neno moja. Nani husoma? Ikaja namba ya usajili kwenye barua pepe yangu, nami nikaona mambo yamekwisha, kilichobaki ni kukimbia.

Ilibaki kama wiki sita kabla ya mbio ndipo mguu ukaanza.

Ulikuwa wa kushoto, hapa mbele, kwenye muundi. Mwanzo ulikuwa unauma nikianza kukimbia, kisha unapoa. Halafu ukawa haupoi. Halafu ukauma hata nimekaa. Na hapa, ndugu zangu, wale mliopita njia yangu mtanielewa haraka kuliko wengine. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, huanzia wapi? Si kwenye mifupa? Si miguuni? Mimi nilikuwa sijagusa unga mwaka na zaidi, lakini mguu ulipouma, akili ilinirudisha kule moja kwa moja. Nikawa najiuliza: hili ni jeraha, au ni mwili wangu unadai kile kitu kwa hila? Maana mwili wangu ulinidanganya miaka kumi na moja. Nitauamini vipi leo?

Nikaenda kliniki. Nikapigwa picha ya eksirei. Daktari, mama mmoja mpole, akaiinua kwenye mwanga akasema, "Sioni mvunjiko. Pumzika wiki mbili, kisha urudi tuone." Akachukua kalamu aniandikie dawa ya maumivu, ile kali. Nikamwona mkono unaandika. Sikujua niseme au ninyamaze. Nikasema, "Daktari, samahani. Mimi nimetoka kwenye unga. Hiyo usinipe." Aliacha kuandika, akanitazama, akakata ule mstari na kuniandikia panadoli. Akasema, "Umefanya vyema kuniambia." Mimi nilitoka pale nimelowa jasho. Sikujua nimeshinda au nimejinyima dawa ya haki.

Sasa jamani, picha haikuonyesha kitu! Mnaona ule mkanganyiko? Ingeonyesha mfupa umepasuka, ningelia, lakini ningejua. Mamangu akasema ni mshipa umepanda, twende kwa mzee wa kukanda. Nilikandwa, usiku ule sikulala. Mwalimu akasema, "Daktari kasema wiki mbili, kaa wiki mbili." Na mwenzangu mmoja wa kikundi, ambaye leo amekaa pale nyuma na tayari anaanza kucheka, akaniambia, "Wewe unaogopa mbio. Picha imesema mguu mzima." Lile neno liliniingia. Nikapumzika siku nne tu, ya tano nikaenda kukimbia, kuthibitisha. Kuthibitisha nini, hata sijui. Nilikwenda kilomita tatu. Nilirudi kwa tuktuk, nimeushika mguu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Nilirudi kwa daktari wiki mbili zimepita na ushei. Akaniambia, "Simama kwa mguu huo, ruka mara moja." Sikuweza. Akabonyeza mahali pamoja kwa kidole kimoja, nikaruka kutoka kitandani. Tukapiga picha ya pili. Safari hii akaniita karibu. "Unaona huu ukungu mweupe pembeni ya mfupa? Huo ni mfupa mpya unajijenga juu ya ufa. Ufa ulikuwepo tangu mwanzo, lakini ni mwembamba kama unywele. Picha ya kwanza huwa haiuoni. Unaonekana unapoanza kupona." Nikamwuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unauma kweli?" Akashangaa. "Ulidhani unauma uongo?"

Ningemwambia nini? Nilikuwa nafurahi kwamba mguu umevunjika. Mtu mzima, nafurahi! Kisha akasema, "Wiki nane hakuna kukimbia," na ile furaha ikafa papo hapo, kwa sababu mbio zilikuwa zimebaki siku kumi na saba.

Nikapewa magongo. Nikaenda nyumbani. Na hapa nawaambia bila kuficha: jioni ile nilipita ile njia. Mnaijua, ya nyuma ya soko. Sikununua. Nilipita tu. Lakini kupita kwenyewe, mtu wa magongo, njia ndefu namna ile, kulikuwa na maana gani? Nilikuwa najiambia kikundi kimenilipia, nami nimewaangusha. Alfajiri sina pa kwenda. Mbio ndizo zilizokuwa zimenishika mkono, sasa zimeniachia. Nilisimama pale, makwapa yananiuma kwa magongo, sijui niende mbele au nirudi. Kilichonirudisha ni kwamba simu iliita, mamangu anauliza kama nimenunua nazi. Nikasema, "Naam mama, naileta." Nikaenda kununua nazi.

Nilipofika nyumbani nikachukua simu, nikawaandikia waandaaji wa mbio. Ile barua ya kwanza, loo! Ilikuwa ndefu kama khutba. Niliwaeleza unga, niliwaeleza kliniki, mamangu, mguu, picha mbili, mzee wa kukanda. Mwisho nikaandika, "Kwa hiyo naomba mnifikirie." Nikatuma.

Kesho yake mchana jibu likaja: "Pole kwa yaliyokupata. Kwa mujibu wa masharti, ada ya usajili hairudishwi."

Nikaisoma mara nne. Ada? Nani kataja ada? Nilihisi kama mtu aliyebisha hodi kwa jirani kuomba moto, akaambiwa hapa hatuuzi samaki. Nikaamini mlango umefungwa. Na yule mwenzangu wa nyuma pale akaja kunijulia hali, akaniambia, "Basi nipe mimi namba yako nikimbie. Si imelipiwa? Itapotea bure." Hilo likaniingia akilini. Nikamwambia nitafikiri.

Siku iliyofuata nikaenda Changamwe kwa dadangu. Dadangu huyu ni mkubwa wangu, anafanya kazi ofisi ya kuondosha mizigo bandarini, kazi yake kutwa ni barua na fomu. Miaka ya unga nilimwibia, tena si mara moja. Tulikuwa tunasalimiana tu, hatuzungumzi. Kuteremka kile kiteremko cha feri kwa magongo, watu wanakusukuma nyuma, mnakijua. Nilifika nimechoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa. Umevunjwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza miaka mingi. Nikampa simu, akasoma barua yangu yote. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hukumwandikia kadhi. Umemwandikia mtu wa usajili, ana barua mia mbili mezani. Hapa umeomba nini?"

"Nimeomba wanifikirie."

"Wakufikirie vipi? Kuna kurudishiwa ada. Kuna kubadilisha umbali, ukimbie kilomita tano badala ya ishirini na moja. Kuna kumpa mtu mwingine nafasi yako. Na kuna kuahirisha, nafasi yako ihamie mbio za mwakani. Hayo ni mambo manne mbalimbali, na kila moja lina sharti lake. Hujataja hata moja. Wamekisia tu, wakakisia la ada kwa sababu ndilo wengi huomba."

Akafungua yale masharti niliyoyakubali bila kusoma. Akanisomea kwa sauti, kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Kuahirisha kwaruhusiwa kwa majeruhi na wajawazito. Mwombaji aandike kwa barua pepe ileile aliyojisajilia. Aeleze jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya usajili na umbali. Aambatanishe barua ya daktari yenye tarehe, sahihi na muhuri. Awe hajachukua namba ya kifuani. Na ombi lifike siku kumi na nne kabla ya mbio, saa kumi na moja jioni.

Tukahesabu kwa vidole. Ilikuwa Alhamisi. Siku ya mwisho ni kesho.

"Una barua ya daktari?"

Nikamtolea picha ya eksirei. Akatikisa kichwa. "Hii ni picha. Mtu wa usajili ataiangalia aone nini? Anataka karatasi iliyoandikwa huyu mtu asikimbie, mpaka lini."

Nikamwambia pia habari ya mwenzangu anayetaka kukimbia na namba yangu. Dadangu akageuza simu, akanionyesha mstari mwingine: hairuhusiwi kumpa mtu namba. "Unajua kwa nini?" akaniuliza. "Namba hiyo imeunganishwa na jina lako, habari za afya yako na simu ya mtu wako wa karibu. Huyo mwenzako akianguka barabarani, wataangalia namba, watampigia simu mama. Watamwambia mwanao ameanguka, yuko hospitalini, hazungumzi."

Jamani. Mamangu alishawahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Mara mbili. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikampigia mwenzangu palepale, nikamwambia haiwezekani. Akanuna wiki mbili. Sasa tazameni anavyocheka.

Ndipo tukakaa kuandika. Mimi nasema, yeye anaandika na kufuta. Kila nikitaja unga, anafuta. "Si siri," akasema, "lakini hawakuuliza hilo." Tukafika mahali pa ombi lenyewe. Akaandika: naomba nafasi yangu ihamishiwe mbio za mwakani. Nikamshika mkono.

"Dada, ongeza Mungu akipenda."

"Hiyo iseme kwa mdomo, na mimi nasema amina. Hapa tunaandika mwakani."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, sisi hapa tumefundishwa kuhesabu leo. Leo sikutumia, basi. Kesho haijafika. Ndivyo nilivyoishi, na ndivyo nilivyopona. Miaka yote kumi na moja ya unga pia sikuwa na kesho, nilikuwa na mchana na jioni. Sasa natakiwa nimwandikie mtu nisiyemjua kwamba mwakani, mwezi kama huu, nitakuwa hai, mzima, nina miguu miwili. Nilihisi nasema uongo. Nilihisi naapa mbele ya watu kwa kitu ambacho si changu. Nikamwuliza dadangu, "Na nisipokuwepo?"

Akasema, "Mimi hii barua naiandika kwa sababu nataka uwepo." Akageukia simu haraka, akajifanya anatafuta nukta.

Nitawasomea. Ninayo.

"Kwa Msimamizi wa Usajili. Mimi ni mshiriki wa nusu marathoni ya mwaka huu. Jina langu kamili na namba yangu ya usajili viko hapo juu. Nimepata ufa kwenye mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto, na daktari amenikataza kukimbia kwa wiki nane. Barua yake nimeiambatanisha. Siombi kurudishiwa ada, wala kumpa mtu mwingine nafasi yangu. Naomba nafasi yangu iahirishwe hadi mbio za mwakani, umbali uleule. Namba ya kifuani na fulana sijachukua. Nimesoma masharti ya kuahirisha na ninayakubali. Naomba mnithibitishie kwa maandishi."

Kisha ahsante na jina. Basi. Maisha yangu yote hayamo humo, na bado sijawahi kuandika kitu cha kweli zaidi.

Ijumaa asubuhi nikawa wa kwanza kliniki. Yule daktari hayupo, yuko mapumzikoni. Lakini kijana aliyekuwa zamu akatoa faili langu, akaona picha zote mbili na maandishi, akaandika barua: jeraha gani, lini limeonekana, asikimbie mpaka lini. Akatia sahihi. Muhuri umefungiwa ofisini kwa mhasibu, na mhasibu kaenda swala ya Ijumaa. Tukamngoja. Saa nane na nusu karatasi ikapigwa muhuri, nikaipiga picha ukutani penye mwanga, nikamtumia dadangu aitazame kama inasomeka. Akajibu, "Tarehe imekatika. Piga tena." Nikapiga tena. Saa tisa nikatuma kila kitu kwa barua pepe yangu mwenyewe.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Nikaanza kuwaza pengine nimetuma kusikokuwa. Jumatatu jibu likaja, na lenyewe likanichanganya upya. Lilianza hivi: "Usajili wako wa mwaka huu umefutwa." Nikampigia dadangu, "Wamenifuta!" Akasema, "Soma mpaka mwisho, wewe!" Nikasoma. Namba ya mwaka huu imefutwa ili isitumiwe na mtu. Nafasi imehamishiwa mwakani. Usajili utakapofunguliwa nitatumiwa nambari ya siri, niithibitishe ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi itapotea. Ada ikipanda nitaongeza kilichopungua. Na kuahirisha ni mara moja tu.

Kwa hiyo nilikuwa nimetoka na nimeingia kwa wakati mmoja. Siku nyingi sikuelewa nijisikie vipi. Siku ya mbio nilikwenda kugawa maji mezani. Watu wananipita, nafurahi, nataka kulia, nawapa vikombe. Mwanamke mmoja akaniambia, "Ahsante baba," nikakaa chini, maana sikuzoea kuitwa kwa heshima.

Sitawadanganya kwamba mwaka uliofuata ulikuwa rahisi. Wiki nane zilikuwa ndefu. Nilikuja hapa Jumanne na Ijumaa hata nisipokuwa na la kusema. Mfupa ulipoungana, mwalimu alinianzisha kutembea dakika nne, kukimbia dakika moja, akiwa na saa mkononi. Nikizidisha ananirudisha nyumbani. Siku mbaya zilikuja, tena nyingi. Lakini kulikuwa na mtu ofisini, simjui na hanijui, ambaye kwenye orodha yake mimi nipo mwakani. Mara nyingine hilo tu ndilo lililonitoa kitandani. Sijui kueleza kwa nini. Mpaka leo sijui.

Nambari ya siri ilipokuja, ilijificha kwenye barua taka. Dadangu ndiye aliyenipigia, "Usajili umefunguliwa, tafuta!" Zilikuwa zimebaki siku tatu. Safari hii nilijaza fomu mwenyewe, na masharti niliyasoma yote, mstari kwa mstari, mpaka mwalimu akachoka kuningoja.

Nikakimbia. Kilomita zote ishirini na moja. Nilimaliza wakati wanaanza kukunja mahema, na wazee wawili walinipita. Mamangu alikuwa mwisho wa njia. Alinishika uso kwa mikono yake, akanitazama.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mamangu, na dadangu, aliyenisamehe bila kutangaza. Nawashukuru mwalimu, yule daktari aliyekata mstari, kijana wa zamu, mhasibu na muhuri wake, na huyo mtu wa usajili ambaye sitamjua. Nanyi kikundi, mlionilipia na hamkunidai neno.

Funzo langu ni dogo. Ukiumia, sema mapema, kabla siku haijapita. Sema kweli, na uombe kitu kile hasa unachokitaka, kwa jina lake. Mimi niliwaambia watu "nifikirieni" miaka mingi, na hawakujua wanipe nini.

Na wewe dada uliyekaa karibu na mlango, uliyesema leo ni siku yako ya nne bila unga. Sikuambii habari za mwakani. Jumanne tunakutana saa kumi. Nimekuandika jina. Njoo.